Mrejesho: oda za dola zilizokuwa zikimkwepa meneja wa fedha

Nilichouliza: "Kwenye ERPNext, oda isiyozidi shilingi milioni 2 inaidhinishwa na meneja wa ghala, ikizidi inaenda kwa meneja wa fedha. Mbona baadhi ya oda kubwa zinaishia ghalani?"

Wakuu, ahsanteni, limepatikana. Zilizopita zote zilikuwa za dola. Sharti letu kwenye Workflow lilisoma `grand_total`, ambayo ni jumla kwa sarafu ya oda yenyewe. Oda ya vipuri ya dola 4,000 ilisomeka 4,000 basi, mfumo ukaiona ndogo kuliko oda ya kalamu. Kwa kiwango cha 2,500, hiyo ni milioni 10! Sasa tumeweka hivi, mstari wa kwanza kwa meneja wa ghala, wa pili kwa wa fedha:

```
doc.base_grand_total <= 2000000
doc.base_grand_total > 2000000
```

`base_grand_total` ni jumla iliyobadilishwa kuwa sarafu ya kampuni, kwa kiwango kilichojazwa kwenye oda. Kwa hiyo meneja wa ghala anakagua kiwango hicho kabla ya kuidhinisha, maana kikishushwa jumla nayo inashuka.

Tumeondoa pia tiki ya `Allow Self Approval` kwenye hatua zote mbili, aliyeandaa oda asijiidhinishie.

Kilichobaki ni afisa ununuzi kugawa oda moja ya milioni 3 kuwa mbili za milioni moja na nusu. Sharti hili linaangalia oda moja moja, haliwezi kumkamata. Kwa sasa fedha wanapitia kila wiki oda za msambazaji mmoja zenye tarehe zinazokaribiana.