Nani aliwaruhusu kugusa weusi wa maandishi yangu? Kamusi nzima imetoka na ukungu

MpangaKurasa

Wakuu, nina hasira tangu jana asubuhi na usiku sikulala. Nakala 2,000 za kamusi ya mfukoni zimeshushwa. Kurasa 416, maandishi ya pointi 7, kazi ya miezi minane. Nilipofungua ukurasa wa kwanza nilidhani miwani ina vumbi. Nikaifuta. Nikafungua ukurasa mwingine, ukungu uleule. Maneno yanasomeka, lakini ukifika nusu ya ukurasa macho yanauma.

Nikachukua lenzi ya kukagulia uchapaji. Herufi "m" ina nguzo tatu, na zote zina uzi wa waridi upande wa kulia na kivuli cha buluu kushoto. Tundu la "e" limezibika nusu. Ukingo wa herufi umekatika vitone vitone kama meno ya msumeno. Hapo nikajua kilichotokea: maandishi yamechapwa kwa rangi nne.

Faili langu halikuwa hivyo. Maandishi niliyaweka kwenye weusi mtupu, yaani sayani 0, majenta 0, njano 0, nyeusi 100. Nikawabana wachapaji wanipe faili walilotolea pleti, wakanizungusha nusu siku ndipo wakalituma. Nikalifungua kwenye Acrobat, nikaingia `Output Preview`, nikapeleka kishale juu ya neno moja. C 68, M 61, Y 59, K 76. Jumlisha: asilimia 264 ya wino kwa kineno cha pointi 7!

Maelezo yao ni kwamba karatasi haina mng'ao, kwa hiyo walibadilisha profaili ili picha zisilowe wino. Kwa picha nakubali. Faili nililipeleka na FOGRA39, ambayo ni ya karatasi yenye mng'ao, na picha zangu za wanyama na mimea zingezama kweli. Lakini wao walipitisha faili zima. Programu ukiiambia ibadilishe kila kitu, haitofautishi neno na picha ya twiga. Inachukua ule weusi, inapima unavyoonekana kwa jicho, kisha inautengeneza upya kwa wino wote wanne.

Na msiniambie weusi ni weusi. Pointi 7 ni kama milimita 2.5. Kwa ukubwa huo nguzo ya herufi ina unene wa takriban milimita 0.2, na mistari myembamba ni nusu ya hapo. Karatasi ikipita kwenye ofseti inapata unyevu na kutanuka kidogo, kwa hiyo pleti nne haziwezi kugonga palepale kila mara. Zikipishana milimita 0.1 kwenye picha ya twiga hakuna atakayejua. Kwenye nguzo ya herufi hiyo ni nusu ya unene wake wote. Weusi mtupu unatoka kwenye pleti moja, hauna mwenzake wa kupishana naye.

Kinachoniuma zaidi ni hiyo K 76. Nyeusi ikiwa 100, pleti inabeba herufi ikiwa imejaa, na ukingo wake unakuwa mkali. Ikishuka hadi 76 haijai tena, inavunjwa kuwa vitone. Wao wanachapa kwa mistari 175 kwa inchi, maana yake safu moja ya vitone hadi nyingine ni milimita 0.145. Ndani ya nguzo ya 0.2 inaingia safu moja na kipande. Ndiyo meno ya msumeno niliyoyaona.

Sampuli niliyosaini ilikuwa safi. Kumbe waliitoa kwenye mashine ya kidijitali kwa faili langu la mwanzo, kabla hawajaligusa. Nimesaini kitu kimoja, wamechapa kingine, halafu wananijibu "lakini inasomeka". Sikubali.

Bango_Kubwa

Pole ndugu yangu. Ila weusi mtupu nao usiusifie hivyo, unatoka umepauka kama mkaa uliolowa. Mimi kila kitu naweka 60/40/40/100, maandishi na usuli, na sijawahi kurudishiwa kazi.

FundiPleti

Bango, herufi yako ndogo kabisa huwa pointi ngapi?

Bango_Kubwa

Nafanya mabango na majalada. Labda 40.

FundiPleti

Basi kwa kazi yako uko sahihi. Eneo kubwa likichapwa kwa nyeusi peke yake, wino mmoja hauzibi karatasi vya kutosha na jicho linaona kijivu. Ukiongeza rangi tatu chini yake linakolea. Na hata pleti zikipishana, nguzo ya herufi ya pointi 40 ina zaidi ya milimita 1, ule uzi wa rangi unapotea. Tena ukiangalia, namba zako umeziacha K kwenye 100, kwa hiyo umbo la nyeusi limejaa. Ya MpangaKurasa yamepata hasara zote mbili kwa pamoja. Mimi chini ya pointi 18 situmii mchanganyiko kabisa. Wapo mafundi wanaoanzia 24, siwalaumu.

MpangaKurasa, nimekaa kwenye chumba cha pleti miaka mingi na nakuambia ukweli, hasira yako ina haki. Kubadilisha picha ni kazi yetu. Maandishi tunayaacha, au tunatumia profaili za `DeviceLink` zilizotengenezwa kulinda nyeusi tupu, ili 0/0/0/100 iingie na itoke vilevile. Aliyekufanyia hivi alibofya kitufe kimoja akaenda kunywa chai.

Lakini kabla hujaandika barua nijibu mawili. Ulitoa PDF/X-1a au X-4? Na faili lako la mwanzo, si la kwao, umelifungua kwenye `Output Preview` ukazima `Black`? Ukiizima, maandishi yote yanatakiwa yatoweke. Yatakayobaki, hata kwa kivuli tu, hayakuwa weusi mtupu.

KadiZaMwaliko

Samahani kuingilia, mimi pia nina tatizo la weusi. Nimetengeneza kadi nyeusi ya mchanganyiko yenye maandishi meupe ya pointi 6, zimetoka herufi zimezibika na nyingine zina rangi ya waridi ndani. Mchapaji anasema ni fonti. Ni fonti kweli?

FundiPleti

Dada, fonti nyembamba inazidisha, lakini chanzo ni hikihiki. Weupe wako ni tundu ambalo lazima liachwe wazi kwenye pleti nne. Moja ikisogea, rangi yake inaingia ndani ya tundu. Nyuma ya maandishi hayo weka nyeusi peke yake, au yanenepeshe na kuyakuza. Ukitaka usuli ubaki umekolea, rangi tatu za chini zirudishwe nyuma kidogo kuzunguka kila herufi, na hiyo ni kazi ya mtu wa pleti.

KadiZaMwaliko

Kadi zimeshagawiwa. Lakini asante, nilianza kudhani ni mimi.

MpangaKurasa

Nimerudi. Fundi, nilitoa X-4. Nimezima `Black` nikapitia kurasa zote 416, saa nzima. Kurasa 405 maandishi yametoweka kabisa, zimebaki picha tu. Kurasa 11 hayakutoweka. Ni majedwali ya minyambuliko ya vitenzi, niliyaleta kutoka Word. Nimeangalia: ni weusi wa RGB, `0 0 0 rg`, wakati kwingine kote ni `0 0 0 1 k`. Sikuligundua hilo na linaniuma kuliandika hapa. Ila kwenye sampuli yao majedwali yalitoka meusi safi kama mengine!

FundiPleti

Nilitarajia. Mashine nyingi za kidijitali zina mpangilio unaochukua RGB ya sifuri tatu na kuichapa kwa tona nyeusi peke yake. Imekusaidia bila kukuambia. Kwenye ofseti hakuna anayekusaidia, ule weusi unapitia profaili na kuwa rangi nne. Na X-4 inaruhusu RGB kupita. X-1a isingeruhusu, ukaguzi ungelikataa faili papo hapo.

Sasa zitenganishe hizo kurasa kwenye faili la kwao. Soma namba za majedwali.

MpangaKurasa

C 79, M 70, Y 62, K 88. Kwingine kote 68, 61, 59, 76.

FundiPleti

Huo ndio ushahidi wako. Kungekuwa na RGB faili zima, namba zingefanana. Hapa zinaonyesha weusi wa aina mbili uliingia, na ule wa kurasa 405 uliingia ukiwa 0/0/0/100 wakauvunja wao. Ukitaka orodha ya kuwawekea mezani, endesha hii kwenye faili walilotolea pleti:

```
gs -o - -sDEVICE=inkcov pleti.pdf
```

Kila ukurasa unatoa mstari wa namba nne, sayani hadi nyeusi. Ukurasa usio na picha ulitakiwa uwe na sifuri tatu za mwanzo. Ukiona namba hapo, ukurasa huo umeguswa. Kwenye kurasa zenye picha amri hii haikusaidii, huko rudi kwenye kishale.

Na ukitoa faili jipya kwenye InDesign chagua `Convert to Destination (Preserve Numbers)`. Ile isiyo na `Preserve Numbers` ndiyo inayoweza kukufanyia mezani kwako walichokufanyia wao kiwandani.

Bango_Kubwa

Ngoja. Kwenye skrini yangu 0/0/0/100 na 60/40/40/100 ni weusi uleule. Mtu atajuaje?

FundiPleti

InDesign inakuja ikiwa imewekwa hivyo. Nenda `Preferences`, `Appearance of Black`, kwenye skrini chagua `Display All Blacks Accurately`. Weusi mtupu utauona kijivu cheusi, ule mwingine utabaki umekolea.

MhaririMstaafu

Mwanangu, nimesoma yote. Kurasa 11 zako ziko mfululizo?

MpangaKurasa

Ndiyo mama, 389 hadi 399.

MhaririMstaafu

Kitabu cha fomu za kurasa 16 kina fomu 26, na hizo zako zimeangukia zote kwenye fomu ya 25, inayoanzia 385. Kwa hiyo fomu nyingine zote 25 warudie kwa gharama yao, na mnabishania hiyo moja tu. Hata hiyo, kazi ya kukagua faili linapoingia ni yao. Wangelikagua wangekurudishia.

FundiPleti

Mama, hapo mimi na wewe hatutakubaliana. Kukagua tunakagua, lakini RGB kwenye X-4 si kosa la faili, ni halali. Fomu hiyo wagawane nusu kwa nusu.

MpangaKurasa

Kwa fomu hiyo moja nitalipa wakinionyesha kwenye mkataba panaposema hivyo. Kwa 25 sitoi kitu. Nimeshaendesha amri. Kurasa zisizo na picha ni 233, na hakuna hata mmoja wenye sifuri tatu. Nimechapa orodha, kesho saa tatu niko mlangoni kwao na lenzi, sampuli yenye saini yangu na mafaili yote mawili.