Naomba ushauri: nimpe alama ngapi kwa tafsiri hii ya rigresheni?

Walimu wenzangu, hamjambo. Nasahihisha zoezi la takwimu hapa Malindi. Data ni ya kutunga: safari 60 za uvuvi, kilo za samaki zikielezwa na saa za kukaa baharini na aina ya chombo (dau au boti ya mashine). Mstari wa saa umetoka hivi: makadirio, kosa sanifu, t, p.

```
saa   1.8   0.6   3.0   0.004
```

Mwanafunzi kaandika: "Mvuvi akiongeza saa moja atapata kilo 1.8 zaidi, na tuna uhakika wa asilimia 99.6."

Namba na vipimo kavisoma sawa, hapo sina neno. Ila "akiongeza atapata" ni madai ya chanzo. Siku za bahari shwari wavuvi hukaa zaidi na samaki huenda wakashikika zaidi. Wakati wa kusi kali kinyume chake. Hali ya bahari haimo kwenye modeli. Pia kasahau "kwa chombo cha aina moja" na "kwa wastani".

Hiyo 99.6 ndiyo mbaya zaidi: katoa p kwenye moja. Lakini p yasema tu kwamba, kama uhusiano haupo kabisa, matokeo ya mbali hivi yangetokea kama mara 4 kwa 1,000. Shaka halisi iko kwenye masafa ya kuaminika ya asilimia 95, takriban kilo 0.6 hadi 3.0 kwa kila saa.

Swali lina alama 6. Nafikiria 2. Je, "atapata" mwaikata sawa na kosa la p, au mwaiona ni lugha tu?