Losi imegoma kushuka, niongeze parameta au nitafute data?

Mtoto_wa_Kizota: Mbukwenyi wakuu, naombeni ushauri. Nafundisha modeli ya Kiswahili kuanzia sifuri hapa Dodoma, nina maandishi ya tokeni milioni 120 hivi, GPU moja. Nilianza na parameta milioni 10 nikaruka hadi milioni 125 nikijua itakuwa bora, sasa losi ya treni inashuka tu imefika 2.1 ila ya validesheni ilifika 3.6 ikageuka inapanda, saa hizi 3.9, nimezungusha data mara 10. Nipande hadi milioni 350?

Chuma_Area_D: Panda mkuu. Ile pepa ya OpenAI ya 2020 ilionyesha modeli kubwa inajifunza haraka kuliko ndogo kwa data ileile. Losi inafuata ukubwa.

Dada_Nzuguni: Kaka Chuma hilo ni kweli kama data haijaisha, yake imeisha. Mwaka 2022 DeepMind walitumia kompyuti ileile ya Gopher, yenye parameta bilioni 280 na tokeni bilioni 300, wakafundisha Chinchilla ya bilioni 70 kwa tokeni trilioni 1.4, na ile ndogo ikashinda. Ilitoka kama tokeni 20 kwa kila parameta. Sasa mdogo wangu, milioni 125 mara 20 ni bilioni 2.5, wewe una milioni 120, haifiki hata tokeni moja kwa parameta, ndo maana imekariri, na hiyo validesheni kugeuka ndiyo dalili yenyewe. Kurudia data mpaka mara 4 hivi inasaidia karibu sawa na data mpya, baada ya hapo faida inapungua sana. Kwa hiyo hesabu milioni 120 mara 4, ni milioni 480, gawa kwa 20, unapata parameta milioni 24. Kompyuti yake:

```
C = 6 * N * D
6 * 24e6 * 480e6 = 6.9e16
```

Kadi inayokupa kweli teraflopsi 20 inamaliza kwa saa moja hivi. Kompyuti unayo, maandishi ndo huna.

Mkulima_Hombolo: Mimi nilichukua modeli iliyofundishwa tayari nikaiongezea maswali ya wakulima wa zabibu, 3,000 tu, na inajibu vizuri. Mbona hayo mabilioni sikuyahitaji?

Dada_Nzuguni: Kwa sababu waliyaweka wenzio kabla yako kaka. Yeye anaanza sifuri.

Fundi_Makole: Tokenaiza ni ileile kwenye modeli zote mbili? Kama moja inakatakata "hawakunisalimia" vipande saba na nyingine vitatu, losi kwa tokeni hazilinganishiki, gawa kwa baiti.

Mtoto_wa_Kizota: Duh, nilibadilisha kweli, ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza. Narudia zote na tokenaiza moja, naweka na ya milioni 24. Dada, hiyo 20 na kwa Kiswahili inakaa vilevile?

Dada_Nzuguni: Walipima kwa maandishi mengi ya Kiingereza, kwa hiyo usiishike kama msumari. Fundisha ya milioni 6, 12, 24 na 48 kwa data ileile, uone validesheni ya ipi inashuka zaidi, halafu tuwekee grafu hapa.