Maziwa ya kuchachusha kwa limau au siki kwa ajili ya keki na panikeki

Kutoka Toronto

Ndugu zangu, nawasalimu. Keki ninayoipika inataka kikombe kimoja cha mtindi mwepesi, lakini duka la jirani huuza pakiti kubwa tu, ambayo huharibika kabla sijaimaliza. Jumamosi nilitumia maziwa ya kawaida na kijiko cha chai cha magadi soda. Keki ilitoka ngumu, ya manjano, yenye ladha ya sabuni. Nasikia limau husaidia. Nitie kiasi gani?

Kutoka Leicester

Mwanangu, tia kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau au siki nyeupe katika kikombe cha kupimia, ujaze maziwa mpaka yafike mililita 250, ukoroge mara moja na uyaache kwa dakika 10. Yatakuwa mazito kidogo yenye chembe ndogo; usiyangoje yagande kama mtindi, wala usiyamwage kwa sababu hayakuganda, kwa kuwa uchachu umo tayari. Ladha ya sabuni uliyoipata ni ya magadi yaliyokosa uchachu wa kuyamaliza, na kwa kikombe hicho nusu kijiko cha chai kinatosha. Uchachu huo huo hulegeza mnato wa unga wa ngano unaoifanya keki kuwa ngumu, na hewa inayotoka magadi yanapokutana nao hulifanya rojo kuwa jepesi. Hewa hiyo haisubiri, kwa hiyo washa tanuri kabla ya kuchanganya.

Kutoka Minneapolis

Mimi huchemsha maziwa kwanza ili yagande vizuri, kisha natia vijiko vitatu vya siki, maana uchachu ukizidi ulaini nao huzidi.

Kutoka Maskati

Hapa labani, yaani mtindi mwepesi wa kunywa, inapatikana kila duka, nami huitumia kwa panikeki bila shida. Ila naomba kuuliza: hayo maziwa ya siki yanafaa kunywewa na ugali?

Kutoka Leicester

Dada wa Maskati, hayafai kwa ugali. Hayakulala yakachachuka yenyewe, hivyo hayana ladha ya mtindi, ila uchachu tu. Labani yako ni bora kuliko ujanja wetu huu, mradi isiwe ya chumvi. Kaka wa Minneapolis, ni kweli kwamba uchachu hulainisha, lakini maziwa ya moto hukatika yakawa mabonge na maji, na vijiko vitatu kwa nusu kijiko cha magadi huacha ukali mdomoni.

Kutoka Toronto

Shikamoo, shangazi. Leo nimeanza na panikeki: zimeumuka, zikawa laini hata zilipopoa, na ladha ya sabuni haikuwapo. Nilitumia siki, na mwanangu mkubwa anasema bado anaisikia harufu yake, ingawa mimi siisikii. Kesho nitajaribu limau kwenye keki.

Kutoka Minneapolis

Kwangu limau ndilo linalosikika zaidi, hasa kwenye keki isiyotiwa vanila.