Nimejumlisha risiti za mwaka mzima: milioni 2 zimeishia njiani kati ya Tanga na Pune

Wakuu, nina hasira na sifichi. Mwanangu anasoma Pune, India. Kila mwezi namtumia dola 400 za chumba na chakula kupitia benki moja hapa Tanga mjini. Jumapili nilifunga duka mapema, nikatandaza risiti zote 12 juu ya kaunta, nikachukua daftari.

Ada ya kutuma ni shilingi 70,000, na chini yake VAT 12,600. Mara 12 inakuwa 991,200. Inauma, lakini angalau imeandikwa.

Kilichonitoa machozi ni bei ya dola. Nimechukua tarehe za risiti nikazilinganisha na kiwango cha wastani ambacho Benki Kuu hukiweka kwenye tovuti yake. Kuna siku nimeuziwa kila dola kwa shilingi 60 zaidi, kuna siku 90. Chukua 75. Kwa dola 400 hiyo ni 30,000 kila mwezi, 360,000 kwa mwaka, na hakuna mstari hata mmoja kwenye risiti unaoitaja. Binti wa dirishani akaniambia, "Hayo si makato baba, ndiyo bei ya leo." Kama si makato, hiyo 30,000 imeingia mfuko wa nani?

Halafu mtoto hajawahi kupokea 400. Nilishamgombeza nikidhani anatapanya. Akanipigia picha taarifa ya akaunti yake: 385. Dola 15 hunyofolewa na benki ya katikati ambayo hata jina siijui. Nimemwomba radhi mwanangu. Kwa mwaka ni dola 180, kama shilingi 470,000. Na benki yake kule nayo inabadili dola kuwa rupia kwa bei yake, zinapotea kama 15,000 tena kila mwezi.

Jumla ni milioni 2, katika milioni 12 na nusu nilizotuma. Ni karibu matumizi yake ya miezi miwili!

Kijana wa Chumbageni: Mzee, achana na benki. Tuma kwa programu za simu, makato sifuri. Mimi natuma Nairobi kila wiki, sijawahi kukatwa hata senti.

Karani Mstaafu: Kijana, kwamba kuna njia nafuu kuliko benki ni kweli. Lakini sifuri ya ada si bure, wengi wao hula kwenye kiwango. Wewe angalia shilingi ngapi zimetoka kwako na shilingi za Kenya ngapi zimeingia kule, ugawanye, kisha ulinganishe na kiwango cha wastani cha siku hiyo. Utaona umekatwa kiasi gani.

Mzee mwenye uzi, nimekaa dawati la miamala ya nje miaka 14. Zile dola 15 zinatokana na kisanduku kimoja kwenye fomu, cha nani alipe gharama. Ikiwekwa SHA, mnagawana: wewe unalipa ada ya huku, benki za njiani zinajikatia kwenye pesa ya mtoto. Ikiwekwa OUR, unalipia yote huku na mara nyingi 400 inafika kamili. Ila OUR nayo ina bei, iulize kabla hujasaini, isije ikazidi hizo 15. Omba nakala ya ujumbe wa SWIFT, ule ambao benki hutumiana, tazama sehemu ya nani alipe gharama, utaona walichokuwekea.

Jambo la pili: ada na dola 15 unalipa kwa kila safari, utume 400 au 1,200. Ukituma kila miezi mitatu, safari 12 zinakuwa 4, unaokoa kama 970,000. Kwenye bei ya dola hutaokoa kitu, maana hiyo inafuata kiasi.

Mama Raskazone: Mimi kaka yangu yuko Maskati, mwezi uliopita pesa imefika pungufu. Nikadai wapi?

Karani Mstaafu: Wewe unapokea, mama, si kutuma. Mwambie kaka akutumie risiti yake, uone alitoa riali ngapi na kwa kiwango gani.

Mwenye uzi: Karani, ahsante, lakini milioni 3 na zaidi kwa mkupuo rafu zangu zitabaki tupu. Labda kila miezi miwili. Na bei ya dola je, naweza kuomba wanipunguzie?

Karani Mstaafu: Wafanyabiashara wakubwa huomba na hupewa. Kwa dola 400 sikuwahi kuona mtu akikubaliwa. Jaribu.

Mwenye uzi: Nimetoa fomu ya mwezi huu sasa hivi. SHA ilishawekwa alama kwa mashine, mimi sikuulizwa kitu. Kesho wakifungua tu watanikuta mlangoni na daftari langu.