Kikundi cha familia: Safari ya Tanga, Jumamosi

Mwanaidi (19:42): Assalaam alaikum ndugu zangu. Narudia kwa mara ya tatu: tunaondoka Dar es Salaam Jumamosi saa kumi na moja alfajiri kupeleka mahari Tanga, na mpaka sasa waliojibu ni wawili tu. Salum, naomba uthibitishe kwamba gari lako ni zima, kwa sababu Bibi na mashangazi wawili watapanda humo.

Salum (20:05): Wa alaikum salaam, dada. Gari ni zima, ila jana tairi la mbele kushoto lilichanika ubavuni na fundi pancha amesema halizibiki. Nimefunga lile dogo la spea na linakwenda vizuri, kwa hiyo tutasafiri nalo hivyo hivyo.

Idi (20:07): Mashangazi wawili juu ya tairi la baiskeli? Basi mahari itangulie kwa basi. 😂

Mwanaidi (20:08): Idi, hili si la mzaha. Shemeji Juma, wewe ndiye fundi wetu, tunaomba neno lako.

Mjomba Hamisi (20:31): Hakuna la kuogopa. Kile kibandiko cha kilomita 80 kwa saa kimewekwa kwa sababu tairi lenyewe ni jembamba, na likikimbizwa hupata moto likapasuka. Salum akitembea 70 atafika.

Juma (20:50): Shikamoo, Mjomba. Joto ni kweli, lakini ni nusu ya sababu. Salum, soma maandishi ya ubavuni kwenye lile dogo na kwenye yale makubwa, kisha uniandikie.

Salum (21:02): Dogo linasema T125/70D15. Makubwa ni 185/65R15.

Juma (21:15): Kwa vipimo hivyo, kubwa lina kimo cha milimita 621 na dogo 556, kwa hiyo katika kila kilomita moja dogo linazunguka karibu mara 60 zaidi ya mwenzake wa kulia. Gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele. Ndani ya difu mna vijigia ambavyo kwenye barabara iliyonyooka havina kazi, vinazunguka kwenye ekseli yao pale tu gari linapokata kona. Sasa umevifanya vikate kona kutoka Dar hadi Tanga, zaidi ya kilomita 300 bila kupumzika, na hilo mwendo wa 70 haulitibu. Ndiyo maana kuna kikomo cha umbali pia: vitabu vya magari mengine vinataja kilomita 80, na vingine vinasema tu ufike gereji ya karibu. Tena meno yake ni mafupi tangu kiwandani na eneo linaloshika lami ni dogo, hivyo mvua ikinyesha, breki za upande huo zinachelewa. Umelijaza upepo kiasi gani?

Salum (21:19): 32, kama mengine.

Juma (21:22): Hapo ndipo joto la Mjomba linapozaliwa. Hilo linataka 60, angalia ubavuni pameandikwa. Likiwa legelege linajikunja kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha.

Shangazi Rehema (21:40): Mimi langu lilikuwa kubwa kamili, likaning'inia chini ya pikapu, wakalifungua usiku wakaenda nalo. Hilo dogo la ndani angalau haliibiwi.

Salum (21:44): Hata mimi nililinunua kubwa, likakaa kwenye buti mpaka zulia likainuka. Lingekuwepo leo, ningelifunga na kuondoka bila kuhesabu kilomita. Aliyeliazima wakati wa msiba wa Bi Zuhura anajijua.

Mjomba Hamisi (21:47): Nililirudisha. Muulize Idi.

Idi (21:48): Mimi tena?

Mwanaidi (21:49): Tafadhali, hayo ya Korogwe tusiyafungue usiku huu. Juma, tufanye nini?

Juma (21:58): Kesho asubuhi Salum ahamishe tairi zima la nyuma kushoto alifunge mbele, na dogo likae nyuma likiwa na upepo wa 60. Difu itatulia, ila breki na mvua vinabaki palepale, kwa hiyo hayo ni ya kumfikisha dukani tu. Anunue 185/65R15, kisha dogo lirudi kwenye buti.

Babu Kombo (22:10): Nimesoma yote. Mama yenu hatapanda gari lenye mguu mmoja mfupi. Tairi linunuliwe, au gari libaki.

Salum (22:26): Shikamoo, Babu. Nimesikia.

Mwanaidi (22:27): Ahsante, Babu. Sasa nani anachangia? Salum, duka unalijua?

Mwanaidi (23:05): Ndugu zangu, naona mmesoma.

Idi (06:12): Lile kubwa la Salum lipo kwetu uani, limekalia mtungi wa maji. Juma, linafaa?

Juma (06:30): Limepigwa jua miaka mingapi? Nipigie picha ya ubavu, nione kama una nyufa, pamoja na zile tarakimu nne za wiki na mwaka lilipotengenezwa.