Gari halijavunjwa kioo, kwa hiyo sikuibiwa? Bima wamenikatalia dai la vitu vilivyochukuliwa ndani ya gari

Mlipa_Bima

Wakuu, nina hasira na naomba mnisome mpaka mwisho.

Niliegesha gari kwenye maegesho ya wazi, mchana kweupe. Begi lenye laptopu, diski ya kuhifadhia kazi na miwani ya macho nikaliweka kwenye buti kabla sijafika hapo, siyo mbele ya watu. Nikashuka, nikabonyeza rimoti huku natembea, nikaenda zangu. Niliporudi milango yote imefungwa vizuri, vioo vizima, kitasa hakina hata mkwaruzo. Nafungua buti, begi halipo.

Nikaenda polisi siku hiyohiyo, nikapewa ripoti, nikajaza fomu ya madai, nikaambatanisha risiti ya laptopu na namba yake. Nina bima kubwa na sijawahi kuchelewesha malipo. Jibu limekuja: dai limekataliwa kwa sababu "hakuna dalili za kuingia kwa nguvu". Ripoti ya polisi imeandika ukweli kwamba gari halina uharibifu, na wamechukua sentensi hiyohiyo kunipigia.

Yaani mwizi mwenye nyundo analipiwa, mwizi mwenye kifaa cha kisasa halipiwi! Mimi ningefanya nini, nijivunjie kioo? Hawa watu wanakusanya pesa mwaka mzima, siku ya siku wanakuonyesha mstari mmoja ukurasa wa mwishomwisho. Nani alishinda dai la namna hii, na kwa njia gani?

Baba_Wawili

Pole sana mkuu. Ila bima kubwa inalipa kila kitu, wakala wako ndiye mzembe. Rudi umwambie unataka kuonana na meneja. Halafu ripoti ya polisi ukishakuwa nayo, kampuni haina ujanja, lazima ilipe.

MamaPikapu

Hata mimi walinisumbua! Wezi walinifungulia vioo vya pembeni na taa ya nyuma usiku. Bima walilipa, lakini nilizungushwa sana na nikakatwa pesa. Kwa hiyo usikate tamaa, watalipa tu.

Mkadiria_Mstaafu

Ndugu Mlipa_Bima, nimefanya kazi ya kukadiria hasara za magari kwa miaka mingi, upande wa kampuni. Nitakueleza jinsi faili lako linavyosomwa kule ndani, halafu hasira yako uielekeze panapostahili.

Kwanza, dada MamaPikapu, kesi yako ni tofauti. Kioo cha pembeni na taa ni sehemu ya gari, na gari ndilo lililokatiwa bima. Begi la mwenzetu ni mzigo uliobebwa na gari. Kwenye hati nyingi vitu binafsi vina kifungu chake kidogo, chenye masharti yake na kikomo chake. Na ndugu Baba_Wawili, ripoti ya polisi inathibitisha kwamba ulikwenda kutoa taarifa. Haithibitishi namna wizi ulivyotokea, kwa sababu askari anaandika ulichomwambia na alichokiona.

Sasa wizi wenyewe. Gari lisilo na alama mara nyingi huwa limefunguliwa kwa njia moja kati ya mbili. Ya kwanza: mwizi yuko jirani na kifaa cha kuziba mawimbi. Rimoti nyingi hutumia megahezi 433 au 315. Yeye anarusha kelele kwenye masafa hayo wakati unabonyeza, na gari halipokei amri. Ukiondoka, anafungua mlango kama wake, anachukua, anabonyeza kitufe cha kufungia milango kilichopo ndani, anashuka na kuurudisha mlango. Magari mengi yanakubali hivyo, ndiyo maana ukakuta pamefungwa. Ya pili inahusu magari yanayofunguka yenyewe ufunguo ukiwa mfukoni: mmoja anakukaribia na kifaa kinachonasa mawimbi ya ufunguo, mwenzake yupo mlangoni na kingine, gari linadhani mwenyewe umesimama pale.

Angalia mtego ulipo. Ikiwa ni njia ya kwanza, gari halikufungwa kamwe, na kampuni itasema uliacha gari wazi. Ikiwa ni ya pili, gari lilifungwa lakini hakuna nguvu iliyotumika, na kampuni itasema sharti la kuvunja halijatimia. Sisi tulikuwa hatuhitaji hata kujua ni ipi. Zote mbili ziliishia kwenye barua ileile.

Mlipa_Bima

Mzee, asante kwa kusema wazi, lakini hii imenipandisha hasira zaidi! Kwa hiyo walijua hakuna mlango wa kutokea tangu napokea fomu? Ile fomu iliniuliza "Je, gari lilikuwa limefungwa?" nikaandika ndiyo, maana nilibonyeza. Gari langu ni la kubonyeza, si la ufunguo mfukoni. Na pale maegesho kuna kamera, nimeomba picha zake.

Mkadiria_Mstaafu

Hapo kwenye kamera nenda kwa tahadhari. Ziombe haraka kwa maandishi, kwa sababu mitambo mingi hufuta picha za zamani na kurekodi juu yake. Lakini kabla hujazipeleka kokote, tazama taa za kona wakati unaondoka. Gari likipokea amri ya kufunga, kwa kawaida taa huwaka mara moja au mbili. Zikiwaka, una ushahidi kwamba ulifunga. Zisipowaka, picha hiyo inaashiria kwamba huenda mawimbi yalizibwa, lakini kampuni itaisoma kama ushahidi kwamba gari lilikuwa wazi. Ukiona mtu amesimama karibu wakati unabonyeza, kisha huyohuyo anaufungua mlango, hapo una hoja nzuri ya kwamba ulichukua tahadhari ya kawaida na ulizuiwa.

Usibadilishe maelezo uliyoandika kwenye fomu. Eleza hivi: nilibonyeza, nikaondoka, sikuona ishara ya hitilafu. Na tafadhali usimsikilize mtu wa kukushauri uvunje kioo. Vipande vya kioo vinaweza kuonyesha kimepigwa kutoka upande gani, na udanganyifu unaua hata sehemu halali ya dai.

Kalamu_Nyekundu

Mimi si mtu wa bima, nasoma mikataba. Swali langu: hilo sharti la kuvunja kwa nguvu limekaa wapi kwenye hati? Kama liko kwenye sentensi inayosema wanalipa nini, basi ni wewe wa kuthibitisha kwamba kulikuwa na nguvu. Kama liko kwenye orodha ya wasichokilipa, kwa kawaida mzigo wa kuthibitisha unahamia kwao. Barua ya kukataa imetaja namba ya kifungu?

Mlipa_Bima

Haijataja. Imeandika "kwa mujibu wa masharti ya bima" basi.

Kalamu_Nyekundu

Basi waandikie wakupe namba ya kifungu na maneno yake kamili. Zipo hati zilizoandika wazi kwamba kufungua gari kwa kifaa cha kielektroniki nako kunahesabika, na zipo zilizonyamaza. Ya kwako ikiwa imenyamaza, pana pa kubishana, na ngazi ya malalamiko iliyo juu ya kampuni haitakusikiliza bila hiyo barua.

Mkadiria_Mstaafu

Hapo sikubaliani naye moja kwa moja. Nimeona mafaili yenye kifungu kilekile, moja likalipwa na jingine likakataliwa. Na jueni mnagombea nini. Tuseme laptopu ilinunuliwa kwa 100. Wakitoa uchakavu inabaki 60. Kikomo cha vitu binafsi ni 25, kwa hiyo 60 inakuwa 25. Ukitoa 10 ambayo unabeba mwenyewe kwa kila dai, unaondoka na 15, na punguzo lako la kutodai linaweza kuondoka pia. Hapo bado hawajauliza kama laptopu ni ya kazi, maana vifaa vya kazi mara nyingi vimetolewa kabisa.

Baba_Wawili

Kumbe! Basi akate bima ya vitu vya nyumbani inayofuata laptopu popote, hiyo haina mambo ya gari.

Mkadiria_Mstaafu

Ni bora zaidi kwa kikomo, hapo uko sawa. Lakini soma sehemu ya vitu vilivyoachwa ndani ya gari. Sharti la kuvunja kwa nguvu mara nyingi limo humo pia.

Mlipa_Bima

Ninachotaka si 15. Nataka waandike kwa mkono wao kwamba wanajua magari yanafunguliwa bila kuvunjwa na bado wanauza bima yenye sharti hilo. Barua ya kuomba kifungu nimeituma. Ya kamera pia.

MamaPikapu

Samahani, mimi sijaelewa. Kwa hiyo taa yangu ya nyuma wangeweza kukataa?